Kutoa majina ya nota kwenye skrinshoti ya mstari mmoja

Mpiga kinanda wa kwaya yetu haoni. Simu yake humsomea kwa sauti kila ujumbe anaoandikiwa, lakini ukimtumia picha ya nota, simu inamwambia kwamba ni picha, kisha inanyamaza. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekaa na skrinshoti na kumwandikia. Mara ya kwanza nilimtumia hivi, nikajiona nimemaliza:

```
F B B C D B E D C E F E C E C A B
```

Haikupita muda akapiga simu. "Mwalimu, humu kuna E nne. Zote ni moja?"

Hazikuwa moja. Mbili zilikuwa E flati, mbili zilikuwa E ya kawaida. Halafu kulikuwa na F mbili, moja ya chini na nyingine juu kabisa. Na zile B zote zilikuwa flati, jambo ambalo sikuliandika popote. Kila herufi niliyoandika ilikuwa sahihi, lakini yeye hakuweza kupiga hata baa mbili. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: maandishi yawe kamili kwa mtu ambaye hataiona picha kamwe. Nitaupitisha mstari uleule hapa hatua kwa hatua, maana mitego karibu yote inayokuwamo kwenye kazi hii ilikuwamo ndani yake.

Kwanza, tazama picha imekatwa wapi

Kabla ya kusoma nota yoyote, angalia ukingo wa kushoto wa picha. Pale ndipo pana ufunguo, yaani ile alama kubwa inayosema mistari mitano inasomwaje, na baada yake flati au shapu za wimbo mzima. Mtu akipiga skrinshoti haraka kisha akaikata ili nota zionekane kubwa, sehemu hiyo ndiyo huondoka kwanza. Ikiwa haimo, usikisie. Mrudie aliyekutumia, akupigie tena picha ya mstari mzima kuanzia kushoto.

Tarakimu za mapigo, kama 3/4 au 4/4, ni habari nyingine. Hizo huchapwa mwanzoni mwa wimbo tu, wakati ufunguo na flati hurudiwa kila mstari. Kwa hiyo skrinshoti ya mstari wa pili au wa tatu haitakuwa nazo, na hilo si kosa la mtu. Unaweza kuzipata kwa kuhesabu mapigo ndani ya baa mbili tatu zilizokamilika, ila ni rahisi zaidi kuuliza.

Ikiwa ni nota za kwaya, angalia pia vijiti. Vitabu vingi vya nyimbo huweka soprano na alto kwenye mistari mitano ileile: vijiti vinavyokwenda juu ni vya soprano, vinavyoshuka ni vya alto. Amua unaandika sauti ipi, uifuate mpaka mwisho. Nimeshaona mtu akianza na soprano, akafika mahali sauti mbili zinakaribiana, akatokea upande wa pili akiwa kwenye alto bila kujua.

Mstari wangu ulikuwa na sauti moja tu. Mwanzoni palikuwa na ufunguo wa G, ule unaojizungusha kama konokono, kisha flati mbili, kisha 3/4.

Flati za mwanzoni hazihitaji macho makali

Picha za WhatsApp hupoteza ukali, na flati mbili ndogo zikishavimba huwezi kujua kama ile ya juu imekaa kwenye mstari au kwenye nafasi. Usihangaike nayo. Flati huandikwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika: B, E, A, D, G, C, F. Shapu nazo zina wao, ambao ni uleule ukigeuzwa: F, C, G, D, A, E, B. Hesabu ziko ngapi, basi. Flati mbili haziwezi kuwa nyingine isipokuwa B na E. Shapu tatu ni F, C na G.

Andika matokeo juu ya karatasi yako kabla ya kitu kingine chochote: "B na E ni flati." Agizo hili linahusu kila B na kila E ya mstari huo, ziwe juu au chini, sio tu zile zilizo kwenye mstari au nafasi ambapo flati imechorwa. Hapa ndipo wanaojifunza wanapoteleza. Wanaiona nota imekaa peke yake, haina alama yoyote mbele yake, wanaiandika B. Alama yake ipo, ila iko sentimita kadhaa kushoto.

Wenye solfa watataka kujua pia doh iko wapi. Kwa flati mbili au zaidi, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo jina la doh. Zetu ni B na E, kwa hiyo doh ni B flati, mradi wimbo ni wa meja.

Soma kutoka kwenye nguzo, usihesabu kila mara kutoka chini

Wengi tulifundishwa kukariri mistari kutoka chini kwenda juu: E, G, B, D, F, na nafasi: F, A, C, E. Si vibaya, ila kuhesabu kutoka chini kwa kila nota kunachosha, na jicho lililochoka huruka mstari. Mimi hushika nguzo tatu. Mstari wa pili kutoka chini ni G, kwa sababu ufunguo wenyewe unajizungusha hapo. Mstari wa katikati ni B. Nafasi ya tatu ni C. Nota nyingine zote za ndani ya mistari mitano haziko zaidi ya hatua tatu kutoka kwenye mojawapo ya hizo.

Kwa ufunguo wa besi nguzo ni nyingine: vile vidoti viwili vinabana mstari wa nne, na mstari huo ni F. Na kwenye teno utakuta ufunguo wa G wenye tarakimu 8 ndogo chini yake. Majina ya nota hayabadiliki, ila zote zinashuka oktava moja. Hiyo 8 ni ndogo sana kwenye picha, na ukiikosa utamwandikia mpiga kinanda sauti ya teno mahali pa soprano.

Kuza picha mpaka kichwa kimoja cha nota kijae kwenye kidole, kisha jiulize swali moja: mstari unapita katikati ya kichwa, au kichwa kimebanwa kati ya mistari miwili? Jibu hilo kwanza, jina lije baadaye. Mstari wangu ulisomeka hivi: nota ya kwanza nafasi ya kwanza, F. Kisha mstari wa katikati mara mbili, B na B, na nafasi ya tatu, C. Baa iliyofuata mstari wa nne, D, halafu tena mstari wa katikati. Kisha nafasi ya nne, E, ikashuka kwa D na C. Na kadhalika mpaka mwisho.

Namba za oktava

F ya mwanzo ilikuwa kwenye nafasi ya kwanza. F ya baa ya nne ilikuwa kwenye mstari wa juu kabisa. Kwenye maandishi yangu ya kwanza zote zilikuwa "F". Kwa hiyo kila jina lipewe namba: C ya katikati ya kinanda ni C4, ile inayokaa kwenye kistari cha nyongeza chini ya mistari mitano. Kuanzia hapo kwenda juu ni D4, E4, F4, G4, A4, B4, halafu C5.

Angalia mahali namba inapobadilika. Inabadilika kwenye C, si kwenye A. B4 na C5 ni majirani, hatua moja tu, ingawa namba zinamfanya mtu adhani pana mruko mkubwa. Na kinyume chake, C4 na B4 zina namba moja lakini ziko mbalimbali sana.

Jambo moja la kukubaliana na unayemwandikia: Yamaha katika vinanda vyao huiita C ya katikati C3, si C4. Mpiga kinanda akijifunzia huko, mstari wako mzima utamfikia ukiwa oktava moja juu. Sentensi moja, "C4 ni C ya katikati", inatosha.

Alama inayotokea njiani

Sasa tufike kwenye zile E nne, maana huku ndiko kulikoniponza.

E ya kwanza, baa ya tatu, haikuwa na alama mbele yake. Flati ya mwanzoni inaitawala, ni E flati. Baa ya nne ilianza na E yenye alama ya kufuta, kile kisanduku chenye mikia miwili, kwa hiyo flati imeondolewa na inapigwa E ya kawaida. Ikafuata F, kisha E nyingine isiyo na alama yoyote. Hiyo nayo ni E ya kawaida, kwa sababu alama iliyowekwa mbele ya nota hudumu mpaka baa iishe. Baa ya tano inaanza na E, tena haina alama. Hii imerudi kuwa flati: mstari wa baa umeshafuta kila kilichotokea kwenye baa ya nne.

Kwa hiyo E mbili ambazo kwenye picha zinafanana kabisa, zote tupu, nafasi ileile, moja ni nyeupe kwenye kinanda na nyingine ni nyeusi. Baadhi ya wachapishaji huwa na huruma na kuweka flati ya kukumbusha kwenye ile ya baa ya tano. Wengine hawaweki. Mazoea yangu ni haya: nikikuta alama njiani, naweka kidole kwenye mstari wa baa unaofuata, na sikiondoi mpaka nimekagua kila nota yenye jina hilo iliyobaki kati ya alama na kidole.

Alama hiyo pia haivuki oktava. Ikiwekwa mbele ya E ya juu, E ya chini kwenye baa hiyohiyo inabaki flati, isipokuwa iwe na alama yake. Kinachoweza kuvuka mstari wa baa ni upinde tu, unaounganisha nota mbili za kimo kimoja: hapo nota ya pili ni muendelezo wa sauti ya kwanza, na hubeba alama yake. Ukiona upinde umeanza tangu ukingo wa kushoto wa skrinshoti, ujue nota ya kwanza imeunganishwa na mstari uliotangulia, na huenda ina alama ambayo wewe huioni. Omba na mstari huo.

Kwenye maandishi kuna njia mbili. Unaweza kuandika flati juu kabisa mara moja, kisha herufi tupu, ukimwachia msomaji kazi ya kukumbuka. Au unaweza kuandika kila nota na alama yake. Nachagua ya pili bila kusita. B flati naandika Bb, F shapu naandika F#, na ile E iliyofutwa flati naandika En, ili asidhani nimesahau. Alama zenyewe halisi za muziki zinapatikana kwenye baadhi ya kibodi, lakini kwenye simu za zamani huonekana kama kijisanduku kitupu. Herufi ndogo b na alama ya # zinafika kila mahali. Chunga tu simu isikubadilishie Bb ikawa BB.

Urefu wa nota bila kuchora

Waliozoea solfa hawatapata shida hapa, maana wazo ni lile lile: kila pigo lina chumba chake. Naacha nafasi kati ya pigo na pigo, naweka mstari wima kati ya baa na baa. Kistari kinamaanisha sauti inaendelea kushikwa. Nota mbili ndani ya pigo moja natenganisha kwa koma bila nafasi. Kimya ni 0, kwa sababu chumba kitupu hakionekani.

Nota ya pigo moja na nusu ikifuatwa na ya nusu pigo, kama ilivyokuwa baa ya tatu, inaandikwa `Eb5 -,D5`: E flati inashika pigo zima, inaendelea nusu ya pigo la pili, ndipo D inaingia. Upinde wa mwisho, ulioivusha B flati kutoka baa ya sita kwenda ya saba, hauhitaji alama mpya. Ni vistari tu vinavyoendelea ng'ambo ya mstari wa baa.

Mstari mzima ukawa hivi:

```
Ufunguo G, flati 2 (B, E), 3/4. C4 = C ya katikati.
| F4 | Bb4 Bb4 C5 | D5 - Bb4 | Eb5 -,D5 C5 |
| En5,F5 En5 C5 | Eb5 C5 A4 | Bb4 - - | - - |
```

Kila mstari naanza kwa ile alama ya wima kwa sababu ya WhatsApp. Mstari ukianza na kistari kisha nafasi, WhatsApp hugeuza kistari kuwa kidoti cha orodha, na pigo lako la kushika linapotea. Nyota na mistari ya chini navyo huliwa, vikigeuka kuwa herufi nene au za mlalo, kwa hiyo nimevikwepa. Ukizungushia maandishi yote alama tatu za ` mwanzoni na mwishoni, herufi zinakuwa za upana mmoja na baa zinajipanga vizuri.

Kwa 6/8 usijisumbue na mapigo makubwa mawili. Fanya kila chumba kiwe nota ya mkia mmoja, vyumba sita kwa baa, na uandike hivyo juu.

Kukagua kabla ya kutuma

Hesabu mapigo. Kila baa katikati iwe na matatu. F ya mwanzo ni pigo moja tu kabla ya baa ya kwanza, na baa ya mwisho ina mawili. Moja na mawili ni matatu, na vitabu vya nyimbo hupenda kulipa deni hilo mwishoni namna hii. Jumla yetu ni 1, kisha baa sita za mapigo 3, kisha 2, yaani 21. Baa ikitoka na mawili na nusu, mara nyingi umekosa kuona doti ya kurefusha nota. Kwenye picha iliyofifia doti hiyo hufanana na uchafu.

Kisha hesabu vichwa vya nota kwenye picha, uvilinganishe na majina. Mimi nilihesabu vichwa 18 na majina 17, nikashtuka, mpaka nilipokumbuka kwamba B flati ya baa ya saba ni muendelezo wa upinde na haina jina lake. Tofauti ikielezeka namna hiyo, uko salama. Isipoelezeka, kuna nota umeiruka au umeiandika mara mbili.

Mwisho piga au imba ulichoandika, ukisoma maandishi yako na si picha. Kwa solfa baa ya nne na ya tano zinakwenda fe s, fe, r, kisha f, r, t. Sikio litakuambia mara moja kama fe ya pili umeiandika fa.

Swali moja kutoka kwa wenzetu wa Kongo na Burundi hujirudia: kwa nini nisiandike do, re, mi? Kwa sababu kwa aliyesoma muziki kwa mfumo wa Kifaransa, do ni C siku zote, na kwa mwimbaji wa solfa wa kwetu, doh ya mstari huu ni B flati. Wote wawili wataimba kwa ujasiri, kila mmoja mahali pake. Herufi zina hatari ndogo zaidi, ingawa hata hizo, Wajerumani huiita B ya kawaida H, na B kwao ni B flati. Ukiona H kwenye nota za zamani, si kosa la uchapaji.

Kwa anayesikiliza badala ya kusoma

Yule mpiga kinanda aliniambia jambo ambalo sikulifikiria: simu yake huvipita vistari na koma bila kuvitaja. Muundo wote niliousifu hapo juu, kwake ulikuwa orodha tupu ya majina tena, kama ule wa kwanza. Sasa namwandikia toleo la pili, baa moja kwa mstari mmoja, alama zote kwa maneno:

```
Kianzio. F 4, pigo moja.
Baa 1. B flati 4, B flati 4, C 5, moja moja.
Baa 2. D 5 mapigo mawili, B flati 4 moja.
Baa 3. E flati 5 moja na nusu, D 5 nusu, C 5 moja.
Baa 4. E ya kawaida 5 nusu, F 5 nusu, E ya kawaida 5 moja, C 5 moja.
Baa 5. E flati 5, C 5, A 4, moja moja.
Baa 6. B flati 4, mapigo matatu, endelea.
Baa 7. Shika mawili zaidi.
```

Ni ndefu, na kwa nyimbo zenye nota za kukimbia inachosha kuandika. Lakini anaweza kuisimamisha simu mwisho wa kila baa, akapiga, akaendelea. Jumapili ile alinipigia kabla ya ibada kuuliza kitu kimoja tu, kama baa ya saba inashikwa au inakatwa. Ndiyo maana siku hizi naandika "shika".